Kipindupindu: Maji Yanachafukia Wapi?

Hotuba ya elimu ya afya kwa wakazi wa Mawenzi, Moshi

 

Mwenyekiti wa mtaa amenipa karatasi ya maswali aliyoyakusanya kutoka kwa mabalozi. Nitayajibu, ila si kwa mpangilio wa karatasi. Lililoandikwa mwisho kabisa ndilo nitaanza nalo, kwa sababu nadhani wengi mnalo moyoni hata kama hamkuliandika. Linasema: "Sisi maji yetu yanatoka mlimani. Kipindupindu si ugonjwa wa Dar es Salaam na pwani huko?"

Ni kweli tumebarikiwa maji. Chemchemi kama Nsere na Shiri zinaulisha mji huu, na maji yanapochomoza pale chini ya mwamba ni safi kuliko ya miji mingi. Lakini kipindupindu hakikai kwenye chemchemi kikisubiri watu. Kinakaa tumboni mwa mtu, na mtu husafiri. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 haukuishia Dar es Salaam. Ulisambaa karibu mikoa yote ya Tanzania Bara, na kufikia mwishoni mwa 2016 wagonjwa walikuwa wamepita 20,000. Tena jambo hili si la enzi ya mabasi peke yake. Daktari mmoja wa Zanzibar, James Christie, alifuatilia mlipuko wa 1869 akakuta kwamba ugonjwa ulishuka na misafara kutoka bara, ukapita nchi ya Wamasai, ukafika Pangani, ndipo ukavuka kwenda Unguja. Maana yake ni kwamba wakati ule bara ndiyo iliyowapelekea watu wa pwani ugonjwa. Basi tusijione tuko juu sana.

Sasa ugonjwa unamwingiaje mtu? Hapa nitasema wazi, na wazee mnisamehe kwa lugha. Ili uugue kipindupindu, lazima umeze kitu chenye kinyesi cha mtu mwenye vimelea vya ugonjwa huo. Huambukizwi na hewa, wala mbu haleti. Ukimshika mtu mkono huugui kwa kumshika. Unaugua pale mkono huo unapofika mdomoni bila kunawa. Vimelea hivyo ni vidogo mno, na maji yanaweza kuwa maangavu kabisa kwenye glasi huku vimo tele.

Kuna jambo moja linalowashangaza watu kila ninapolisema: wengi wanaoambukizwa hawaugui. Wengine huharisha kidogo siku moja, wakasema ni parachichi la jana, basi. Lakini kwenye choo chao vimelea vinatoka, kwa kawaida kati ya siku moja na siku kumi. Kwa hiyo nyumba isiyo na mgonjwa si lazima iwe nyumba isiyo na kipindupindu. Ndiyo maana huwa siwaambii watu wakae mbali na wagonjwa kana kwamba hiyo ndiyo kinga. Huwezi kumkwepa mtu usiyemjua kuwa anacho.

Turudi kwenye maji ya mlimani. Maji yametoka bombani yakiwa safi, mmeyakinga kwenye ndoo, ndoo imeingia ndani ikafunikwa kwa sinia. Juu ya sinia kuna kata au kikombe. Mtoto ametoka chooni, ana kiu. Anafunua, anachota, na vidole vinne vinazama majini pamoja na kikombe. Anakunywa, yanayobaki anayarudisha ndoo, kwa sababu amefundishwa asimwage maji. Anafunika vizuri. Hakuna aliyefanya ubaya wowote hapo, na ndoo bado inaonekana vilevile. Lakini maji yaliyotoka Nsere yakiwa salama yamechafukia sebuleni.

Jambo hili liliwahi kupimwa. Miaka ya 1980 watafiti wa Kalkuta, India, walikwenda kwenye nyumba zenye mgonjwa wa kipindupindu. Baadhi ya familia walizipa mitungi ya udongo yenye shingo nyembamba, ambayo mkono hauingii. Lazima uinamishe umimine. Familia nyingine ziliendelea na vyombo vyao vya mdomo mpana. Waliopewa mitungi walipungukiwa na maambukizi kwa karibu robo tatu, na maji hayakutiwa dawa yoyote. Kilichobadilika ni mdomo wa chombo tu.

Kwa hiyo mtu akiniuliza afanye jambo gani moja leo jioni, simwambii anunue kitu. Namwambia maji ya kunywa yatoke kwenye ndoo, yaingie kwenye dumu lenye shingo nyembamba na kifuniko cha kukaza, na yamiminwe badala ya kuchotwa. Mwenye uwezo anunue ndoo yenye koki, ni nzuri zaidi kwa watoto wasioweza kuinua dumu. Dumu la maji ya kunywa lisiwe lile lile la kwenda nalo sokoni kununua mafuta au kubebea pombe. Na lioshwe ndani kila wiki. Najua mkono hauingii, ndiyo faida yake, lakini ndani huota utelezi, na dawa ya maji hupungua nguvu kwenye utelezi. Weka konzi ya mchanga safi au kokoto ndogo, maji kidogo na sabuni, kaza kifuniko, tikisa kwa nguvu pande zote, kisha suuza mpaka povu liishe.

Swali la pili: "Maji yachemke dakika ngapi? Wengine wanasema 10, wengine 20." Yakishachemka yakapiga mapovu makubwa yanayopindua maji kutoka chini mpaka juu, hesabu dakika moja, epua. Inatosha kwa sehemu zilizo chini ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Moshi mjini hatufiki hata mita 1,000, na vijiji vingi vya juu, Kibosho hata Marangu, bado viko chini ya kiwango hicho. Mwenye kuishi juu zaidi aongeze, afike dakika tatu. Dakika 20 ni kuchoma mkaa bure, na mkaa ukiwa ghali mwishowe mtu huacha kuchemsha kabisa. Kosa ninalowakemea watu huwa si dakika, ni kinachofuata: maji yamechemshwa vizuri, halafu yanamiminwa kwenye dumu ambalo halijaoshwa, au yanaachwa wazi yapoe huku kila mpita njia akichota. Yapoe ndani ya sufuria hiyo hiyo, ikiwa imefunikwa.

Asiyetaka kuchemsha atumie dawa ya klorini. Vidonge vya maji vinavyouzwa kwenye maduka ya dawa viko vya vipimo mbalimbali, kwa hiyo soma pakiti. Kile cha miligramu 67 ni cha ndoo moja ya lita 20. Tia, koroga, funika, ngoja nusu saa, ndipo unywe. Msimu wa masika maji ya mfereji na ya baadhi ya mito yanakuwa na tope, na tope hula dawa. Chuja kwanza kwa kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara nne, halafu ndipo uweke dawa. Kuchuja peke yake hakutoshi. Baada ya nusu saa nusa maji: yanatakiwa yawe na harufu ya dawa kwa mbali. Kama hakuna harufu hata kidogo, dawa imekwisha kwa kupambana na uchafu na maji hayo bado si ya kunywa. Mimi naona hii harufu ndiyo kipimo bora kabisa tulicho nacho majumbani, na inasikitisha kwamba ndiyo watu wanayoilalamikia. Ukiyaacha maji kwenye chombo kilichofunikwa, harufu hupungua yenyewe.

Na mfongo? Babu zetu walichimba mifereji ile kwa akili nyingi, na migomba inaitegemea. Lakini kabla mfereji haujafika kwako umepita kwenye vihamba vingapi? Huko juu kuna aliyefulia nepi, na kuna choo kilichofurika mvua iliponyesha. Maji yake mwagilia, lakini kabla ya kuyanywa au kuoshea mboga za kuliwa mbichi, lazima yachemshwe au yatiwe dawa. Bomba likikatika kwa muda mrefu likarudi, maji ya mwanzo yaache yatoke kwanza, kwa sababu bomba tupu lenye ufa linaweza kuvuta maji machafu ya mtaroni.

Sasa naingia kwenye swali ambalo nimeona limeandikwa na mabalozi watatu tofauti, kuhusu sherehe na misiba. Hapa ndipo Wachaga na majirani zetu tunapohitaji kukaa kidogo.

Oktoba 2022 kulikuwa na harusi Kaunti ya Kiambu, Kenya. Watu wakala, wakanywa, wakafurahi, wakaondoka. Siku chache baadaye wagonjwa wakaanza kufika hospitali, lakini si Kiambu peke yake. Wizara ya Afya ya Kenya ilipotangaza mlipuko mwishoni mwa mwezi huo ilikuwa na wagonjwa 61 kwenye kaunti sita, Nairobi na Kajiado zikiwemo, na wote walihusishwa na harusi ile moja. Kipindupindu hujitokeza kati ya saa 12 na siku 5 tangu mtu ameze vimelea. Kwa hiyo mgeni anaondoka harusini akiwa mzima kabisa, anapanda matatu, anafika kwao, ndipo tumbo linafunguka, na choo cha kwao ndicho kinachopokea. Mlipuko huo uliendelea hadi 2023, wagonjwa wakapita 12,000 na waliokufa wakapita 200.

Hebu itazameni Desemba yetu kwa macho hayo. Watu wanapanda kutoka Dar, Arusha, Mwanza, Nairobi. Kipaimara, harusi, mazishi, kila siku shughuli. Sisemi tuache, nani atanisikiliza? Nasema tuangalie sehemu tatu za shughuli.

Ya kwanza ni mikono. Beseni moja la kunawia linalozungushwa kwa wageni ni hatari, maana wa mwisho ananawa maji ya wa kwanza. Maji ya kunawa yamiminwe, kwa jagi au kwa ndoo yenye koki, na sabuni iwepo. Kamati ihesabu mapema: wageni 200 kwa nusu lita kila mmoja ni lita 100, yaani ndoo tano kwa kunawa mara moja. Shughuli nyingi zina bajeti ya muziki lakini hazina ndoo tano za maji. Ndoo mbili ziwe mlangoni mwa choo, si kwenye hema tu.

Ya pili ni chakula kilichopoa. Wali, pilau, maharage, ngararimo na machalari, vikishaiva ni salama, moto umeua vimelea vya kipindupindu. Tatizo ni pale mkono wa mpakuaji unapoingiza vimelea vichache kwenye sufuria vuguvugu, halafu sufuria ikakaa mpaka jioni. Vimelea huzaliana humo, kwa sababu chakula kilichoiva kina unyevu na hakina uchachu. Kiporo cha pilau kinacholiwa na wapishi na watoto asubuhi ya pili ndicho ninachokiogopa kuliko kile cha mchana. Kipashwe mpaka kitoe mvuke katikati, kisipashwe pembeni tu. Uchachu unasaidia kweli: huko Bissau, Afrika Magharibi, watafiti waliona waliotia maji ya ndimu kwenye mchuzi waliugua kidogo kuliko wasiotia. Kamulieni ndimu kachumbari, lakini ndimu haichukui nafasi ya sabuni.

Ya tatu ni vinywaji. Mmeuliza kuhusu mbege. Mbege yenyewe ni chachu, na vimelea hivi havipendi uchachu, kwa hiyo pipa si mahali ambapo mimi ningeanza kutafuta. Ningetafuta kwenye ndoo ile ya maji ya kusuuzia vibuyu na vikombe, ambayo inabadilishwa mara moja tangu asubuhi. Hapo ndipo midomo yote inapokutana. Juisi na barafu za mifuko nazo zitengenezwe kwa maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa. Kugandisha hakuui vimelea.

Sasa itokee mtu wa nyumbani ameanza kuharisha. Choo cha kipindupindu ni kingi, hakina maumivu makali, na kinafanana na maji yaliyooshea mchele. Mara nyingi kuna kutapika. Mtu mzima anaweza kupoteza lita nzima kwa saa moja, na akafa siku hiyo hiyo aliyoanza kuugua. Anayekufa anakufa kwa kuishiwa maji na chumvi. Ndiyo maana tiba yake ni rahisi kuliko ya magonjwa mengi: kwa wagonjwa mahututi wasiotibiwa, nusu au zaidi hufa, lakini wakirudishiwa maji mapema hafi hata mmoja katika kila mia.

Anza nyumbani dakika hiyo hiyo. Pakiti ya ORS ichanganywe na maji salama kwa kipimo kilichoandikwa juu yake, mara nyingi lita moja. Kama haipo, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, siyo vya kilima. Onja: isizidi chumvi ya machozi. Ikizidi, mwaga uanze upya, kwa sababu chumvi nyingi inamdhuru mtoto. Kila baada ya kuharisha mtu mzima anywe glasi nzima, mtoto wa zaidi ya miaka miwili nusu glasi hadi glasi, mwenye chini ya hapo robo mpaka nusu, kwa kijiko. Akitapika ngoja dakika 10, anza tena polepole. Mama anayenyonyesha aendelee kunyonyesha. Msimpe vidonge vya kufunga tumbo. Choo kikifungwa, maji yamekwisha kutoka mwilini na yanabaki kwenye utumbo bila faida.

Huku anakunywa, apelekwe kituo cha afya au Hospitali ya Mawenzi. Msisubiri kukuche. Macho yakiingia ndani, sauti ikikauka, misuli ya miguu ikikaza, au ukibana ngozi ya tumbo ikabaki imesimama kabla ya kurudi, huyo anahitaji dripu sasa hivi. Vijana wa bodaboda, mgonjwa wa hivyo abebwe akiwa na chupa yake ya ORS mkononi, na anayemshikilia nyuma aendelee kumnywesha njiani. Kiti kikichafuka kipanguswe kwa maji ya jiki. Mwenye swali akiwa mbali na kituo apige 199, simu ya Wizara ya Afya, haina malipo.

Anayebaki nyumbani ana kazi yake. Jiki ya kawaida ya asilimia 3.5, kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji, ndiyo ya kumwagia matapishi na choo cha mgonjwa kabla ya kutupa chooni, na ya sakafu na ndoo aliyotumia. Mchanganyiko huo ni mkali, si wa kunywa wala kuoshea uso, na utengenezwe upya kila siku. Shuka zake zisipelekwe mtoni Karanga wala kwenye mfereji. Zichemshwe hapo nyumbani, na maji yake yamwagwe chooni. Choo cha mtoto mchanga nacho ni choo. Kile tunachokifagilia kwenye migomba kwa kusema ni cha malaika kina vimelea sawa na cha baba yake.

Swali ninalomalizia nalo ni gumu, na aliyeliandika nadhani ana sababu. Anauliza kwa nini maiti ya kipindupindu haikabidhiwi kama nyingine. Kwa sababu majimaji yanaendelea kutoka mwilini baada ya kifo, na wanaoosha ndio hao hao wanaokwenda kupakua chakula cha waombolezaji. Kule Guinea-Bissau mwaka 1994 milipuko ilihusishwa na mazishi ya namna hiyo, maiti isiyotiwa dawa na chakula cha msiba pamoja. Afisa afya akishatia dawa na kufunga mwili, ibada inafanyika, mnazika kwenye kihamba chenu kama kawaida. Mnachoombwa ni jeneza lisifunguliwe, mwili usisafirishwe mbali, na siku hiyo chakula kisipikwe msibani. Majirani wapikie kwao, wale kwao, waje kuzika.